Kiraka cha bikubiki: nomali zinaharibika kwenye pua ya mashua, u = 1

mjukuu_wa_fundi (Kisumu)

Salaam wanajukwaa. Niko Dunga. Babu yangu ameunda mashua za mbao za wavuvi maisha yake yote, na sasa mjomba anataka tuhamie faibaglasi. Mpango ni kuchonga mfano wa mashua kwa povu gumu kwenye mashine ya CNC ya jamaa mmoja mjini, juu ya mfano huo tutoe kalibu, kisha kalibu ndiyo izae mashua. Kwa vile mimi ndiye niliyesoma hesabu kidogo nyumbani, kazi ya kuchora ikaniangukia.

Nimeanza na sehemu ya mbele tu, ubavu wa kushoto, kama kiraka kimoja cha Bézier chenye nukta vidhibiti 16. Vipimo ni desimita. x inaenda mbele, y inatoka nje ubavuni, z inapanda juu. Parameta u inatembea kutoka katikati ya mashua hadi puani, na v inashuka kutoka ukingoni hadi kwenye mkuku.

```
ukingo                          mkuku
(0,8,8)   (0,8,4)   (0,4,0)   (0,0,0)     u = 0
(8,8,8)   (8,8,4)   (8,4,0)   (8,0,0)
(16,4,8)  (16,4,6)  (16,2,4)  (16,0,4)
(24,0,8)  (24,0,8)  (24,0,8)  (24,0,8)    u = 1
```

Mnaona mstari wa mwisho ni nukta ileile mara nne, maana mashua inakutana pale puani. Nomali nazihitaji kwa sababu kichwa cha kuchongea ni cha mviringo, kipenyo milimita 12, kwa hiyo kitovu chake lazima kikae milimita 6 nje ya uso kufuata nomali.

Kodi yangu:

```python
def bern(t):
    s = 1 - t
    return [s**3, 3*s*s*t, 3*s*t*t, t**3]

def dbern(t):
    s = 1 - t
    return [-3*s*s, 3*s*s-6*s*t, 6*s*t-3*t*t, 3*t*t]

Su = np.einsum('i,j,ijk->k', dbern(u), bern(v), P)
Sv = np.einsum('i,j,ijk->k', bern(u), dbern(v), P)
n  = np.cross(Su, Sv)
n /= np.linalg.norm(n)
```

Kila mahali inakubali isipokuwa u = 1. Pale nimepima v kumi na moja, kutoka 0 hadi 1 kwa hatua ya 0.1. Kwenye 0, 0.5 na 1 napata `nan nan nan`. Lakini kinachonikosesha usingizi si hizo. Kuna nyingine hapo katikati zimetoka nzima kabisa, zina urefu wa 1, ila moja inatazama mbinguni na jirani yake inatazama chini. Nikizipeleka kwa mashine hivi, kichwa kitatoboa povu. Nimekosea wapi?

---

picha_na_sauti (Nakuru)

Kaka, hilo ni rahisi. Nenda pale unapobadilisha ukubwa wa picha, kwenye menyu toa `Bicubic` uweke ile nyingine ya kawaida. Mimi huku Section 58 nachapisha mabango ya harusi, na nikikuza picha ya simu kwa bikubiki napata mstari mweupe kando ya nywele za bibi harusi. Nikibadilisha unaondoka.

---

mjukuu_wa_fundi

Asante ndugu, lakini yangu si picha. Ni umbo la mashua.

---

baiti_moja (Kakamega)

NaN ni kwa sababu unagawa kwa sifuri. Nukta nne za mwisho ni moja, kwa hiyo ukiwa puani ukasogeza v huendi popote. `Sv` ni sifuri, krosi ni sifuri, urefu ni sifuri, ukigawa umeumia.

Dawa: usitumie u = 1. Tumia u = 0.999. Mimi nilifanya hivyo kwenye mchezo wangu wa magari na hakuna aliyegundua. Hizo nyingine zenye urefu wa 1 ziko sawa, ziache. Nomali ikishakuwa na urefu 1 ni nzima.

---

mama_mistari (Nakuru)

Baiti, nusu ya kwanza umesema vizuri. Nusu ya pili itaharibu povu la watu.

Mjukuu, hizo nomali zenye urefu 1 ndizo mbovu zaidi, kwa sababu NaN angalau inapiga kelele. Tazama kodi yako inafanya nini ukiwa puani. `bern(1)` inatoa 0, 0, 0, 1, kwa hiyo mistari mitatu ya kwanza inazimika na unabaki na mstari wa mwisho, ambao ni nukta moja, tuiite A. `Sv` inakuwa A mara jumla ya namba nne za `dbern(v)`. Kwenye karatasi jumla hiyo ni sifuri kwa kila v. Kwenye kompyuta ni sifuri pale v inapokuwa 0, 0.5 au 1, kwa kuwa namba hizo zinaandikika kamili kwa mfumo wa mbili. Kwa 0.1 au 0.3 kunabaki makombo ya kukadiria, kitu kama 0.0000000000000001 hivi. Makombo hayo yanazidishwa na A, kisha wewe unayapiga krosi, kisha unayakuza hadi urefu 1. Umechukua vumbi ukalivalisha suti.

Ndiyo maana moja inatazama juu na nyingine chini. Ishara ya vumbi ni bahati nasibu. Na mwelekeo wake hauhusiani na mashua, unahusiana na mahali ulipoweka sifuri ya vipimo vyako.

Jaribu hili kabla ya kuniamini. Ongeza 1000 kwenye x ya nukta zote 16, uhesabu upya. Kuisogeza mashua mbele hakuwezi kubadilisha uso wake unatazama wapi. Nomali yoyote itakayogeuka ni vumbi.

---

mjukuu_wa_fundi

Dada, nimejaribu. Za mwili mzima zimebaki zilezile. Za puani zimegeuka karibu zote. Nimeshtuka, kwa sababu mbili kati ya hizo nilikuwa nimeshaamua ni nzuri.

---

baiti_moja

Sawa, hilo la vumbi sikulijua, nakubali. Lakini 0.999 bado inafanya kazi, au siyo? Hapo `Sv` si sifuri tena.

---

mama_mistari

Inafanya kazi kwa masharti mawili.

La kwanza: nomali uihesabu kwa 0.999, lakini nukta yenyewe uihesabu kwa 1. Watu wengi hubadilisha u mara moja juu kabisa ya kodi na vyote viwili vinafuata. Kwenye kiraka hiki derivativu ya u puani ina 24 kwenye x, kwa hiyo ukirudi nyuma 0.001 umerudi 0.024 ya desimita, yaani milimita 2.4. Kwenye mchezo wa magari hakuna atakayeona. Kwenye povu umekata pua ya mashua ya babu wa watu.

La pili: usipate tamaa ya kuikaribia 1 zaidi na zaidi. `Sv` ya kweli inapungua sawasawa na umbali uliobaki hadi puani. Kwa namba za biti 64 kama za numpy una nafasi kubwa. Kwa biti 32, ambazo ndizo kadi nyingi za grafiki hutumia, ukiweka 0.999999 `Sv` ya kweli imeshakuwa ndogo kiasi cha kukaribiana na vumbi lake, na umerudi ulikotoka.

Lakini mbona tukisie, na jibu kamili liko palepale kwenye gridi? Kama `Sv` inapungua sawasawa na umbali, basi tugawe umbali huo nje na kuona kinachobaki. Karibu na pua uzito wa mstari wa mwisho hautuhusu, kwa sababu tofauti kati ya nukta zake ni sifuri. Uzito wa mstari wa pili kutoka mwisho ni `3*u*u*(1-u)`, una (1-u) moja tu. Mistari miwili ya nyuma ina (1-u) mbili na tatu, kwa hiyo inakufa mapema. Anayebaki hai ni yule jirani wa pua peke yake. Mwelekeo wa `Sv` puani ni mwelekeo wa mstari jirani katika v ileile. Urefu haujalishi, maana tutaupima upya mwishoni.

Kwa hiyo toa tofauti kwanza, uzito baadaye:

```python
def bern2(t):
    return [(1-t)**2, 2*t*(1-t), t*t]

D  = P[:, 1:] - P[:, :-1]
w  = [0, 0, 1, 0] if u == 1 else bern(u)
Sv = 3*np.einsum('i,j,ijk->k', w, bern2(v), D)
```

Huo mstari wa `D` unatibu vumbi, kwa sababu 24 kutoa 24 ni sifuri kamili na haina makombo. Mstari wa `w` unatibu NaN. `Su` iache kama ilivyo, puani haina shida.

---

kibuyu3D (Busia)

Samahani kuingilia. Mimi nachora vibuyu na vyungu vya kuuza mtandaoni. Nusu ya kibuyu changu ilikuwa nyeusi tii mwezi mzima. Si pale juu pa kichwa, ni nusu nzima! Nilichora upande mmoja, nikageuza alama ya y kupata wa pili. Ni ugonjwa huohuo?

---

mama_mistari

Hapana, ni mwingine, lakini Mjukuu atakutana nao kesho akitengeneza ubavu wa kulia, kwa hiyo umefanya vizuri kuuliza. Ukigeuza alama ya y, nukta zinahamia upande wa pili kama kwenye kioo. Krosi haipendi kioo: mkono wa kulia ukiutazama kwenye kioo unakuwa wa kushoto. Kwa hiyo `np.cross(Su, Sv)` ya upande uliogeuzwa inatazama ndani ya kibuyu. Kwa upande huo piga `np.cross(Sv, Su)`. Na kama unatoa pembetatu, mpangilio wa pembe zake ugeuze pia, la sivyo programu inaweza kuziona zimekupa mgongo na isizichore.

---

kibuyu3D

Eh! Mwezi mzima nimekuwa nikiongeza taa.

Nina jingine. Kwenye kichwa cha kibuyu niliweka sharti: kama urefu wa krosi uko chini ya 1, weka nomali ya kutazama juu moja kwa moja. Nilipochora kwa milimita ilifanya kazi. Mteja akataka faili kwa mita, kibuyu kizima kikatazama juu.

---

mama_mistari

Urefu wa krosi ni kama eneo, unabadilika kwa mraba wa kipimo. Milimita kwenda mita umegawa kwa 1000 mara mbili. Kwa mashua hii, katikati ya kiraka krosi ina urefu wa 223.5 kwa desimita. Kwa mita ni 2.235, kwa milimita ni zaidi ya milioni mbili. Ukitaka sharti, linganisha na kitu cha kiraka chenyewe, mfano urefu wa `Su` mara urefu wa ukingo wa gridi. Au chunguza gridi mapema: kama nukta nne za ukingo ni moja, unajua tayari, hakuna haja ya kupima urefu wowote.

---

mjukuu_wa_fundi

Nimeandika ile ya `D`. Kabla ya kugusa pua nimeihesabu katikati kwa mkono, u = v = 0.5, nijue kodi haidanganyi. Naweka hapa, mwenye macho anikosoe.

Uzito wa nusu ni 1, 3, 3, 1 kugawanya 8. Kila mstari wa gridi nikaubana kuwa nukta moja: (0, 5.5, 2.5), (8, 5.5, 2.5), (16, 2.75, 5.25) na ya pua (24, 0, 8). Hizo nne nikazibana tena kwa uzito uleule, nikapata nukta ya uso (12, 3.78, 4.22).

Kwa `Su` nikachukua tofauti za hizo nukta nne: (8, 0, 0), halafu (8, -2.75, 2.75) mara mbili. Uzito wake ni robo, nusu, robo, kisha mara 3. Inatoka (24, -6.1875, 6.1875). `Sv` kwa njia hiyohiyo ikatoka (0, -6.1875, -6.1875). Krosi ni (76.6, 148.5, -148.5), na kwa urefu wa 1 ni (0.343, 0.664, -0.664).

Inatazama mbele kidogo, nje, na chini. Nimesimama kando ya mashua ya babu nikaweka kiganja pale ubavuni, kweli ndivyo inavyotazama. Kodi inatoa hizohizo.

Sasa puani. Na hapa nimechanganyikiwa upya. NaN zimeisha, vumbi limeisha, lakini nimepata nomali tofauti kwa kila v:

```
v = 0     (0.447, 0.894,  0)
v = 0.5   (0.437, 0.636, -0.636)
v = 1     (0.447, 0,     -0.894)
```

Nukta ni moja, A! Itakuwaje na nomali tatu? Ya kwanza na ya tatu zimeachana karibu nyuzi 78. Nichukue ipi? Wastani?

---

baiti_moja

Wastani. Ndivyo programu zote za 3D hufanya zikiunganisha nukta zilizo mahali pamoja.

---

mama_mistari

Baiti, polepole!

Mjukuu, hujakosea. Weka kidole kwenye ncha ya penseli iliyochongwa uniambie inatazama wapi. Haitazami mahali pamoja. Inategemea umeifikia kutoka upande gani. Pua yako ni ncha. Ukiifikia ukifuata ukingo wa juu, uso unatazama ubavuni. Ukiifikia ukifuata mkuku, unatazama chini na mbele. Namba zako zinasema hivyohivyo, na zote tatu ni za kweli.

Lini nomali inakuwa moja? Tazama mstari jirani pamoja na A. Kama nukta hizo tano zimelala kwenye ubao mmoja bapa, kila v inatoa jibu lilelile. Birika maarufu la Utah, lile alilolichora Martin Newell mwaka 1975, lina ukingo uliokunjwa hivi juu ya kifundo cha mfuniko. Lakini mstari jirani wake uko kwenye kimo kilekile na ncha, kwa hiyo kifundo ni laini pale juu na nomali zote zinatazama juu. Kibuyu, wewe labda unataka hiyo: hakikisha mstari jirani una z sawa na kilele, na kodi itatoa nomali moja bila sharti lolote la urefu. Mashua ya Mjukuu mstari jirani wake unashuka kutoka z ya 8 hadi 4 na kurudi ndani kutoka y ya 4 hadi 0. Hauwezi kulala kwenye ubao mmoja na ncha.

Kuhusu wastani: kwa picha ya skrini, kila pembetatu ya mwisho ipe nukta yake ya pua yenye nomali ya v yake, hata kama zote ziko mahali pamoja. Kisha hakikisha programu haiziunganishi ukiingiza faili. Zikiunganishwa utaona doa puani, kivuli kimeenea kama mafuta kwenye karatasi. Kwa CNC wastani hauna kazi kabisa.

---

fundi_kibuye (Kisumu)

Nimesoma uzi wote kimya. Hesabu sizijui hivyo lakini faibaglasi naijua. Kwanza, hakuna pua ya mashua inayoisha kwa nukta. Pili, ukinipa kalibu yenye ncha kama sindano, mkeka wa nyuzi hautaingia mle ndani. Utapita juu kama daraja, chini yake kubaki rezini tupu au hewa. Siku ya kwanza mashua ikigonga jiwe pale ufukweni, kipande kinaruka. Wapwani wanaita omo, sisi huku tunasema pua tu, lakini kwa jina lolote lile inataka kuwa butu. Mimi huwa sishuki chini ya sentimita moja ya mviringo.

Kwa hiyo mnatibu ugonjwa wa mtu ambaye hakupaswa kuzaliwa. Chora pua butu, hizo NaN mtazisahau.

---

mjukuu_wa_fundi

Mzee, kwa kweli sikufikiria upande wa mkeka. Kwa hiyo nibadilishe mstari wa mwisho uwe tao dogo badala ya nukta moja?

---

mama_mistari

Fundi ana haki kuhusu kalibu, sibishani naye. Ukiweka tao dogo, `Sv` haifi tena na kodi yako ya kawaida inatosha, bila ile `w`.

Ila mabadiliko hayo yana bei. Pua butu si tao tu, inahitaji kiraka kingine kidogo cha kufunika ubutu kati ya ubavu wa kushoto na wa kulia. Na hicho kikutane na hivi vikubwa bila mkunjo, maana yake `Su` za pande zote mbili mpakani, pamoja na `Sv` ya mpaka wenyewe, zilale kwenye ubao mmoja. Kupanga nukta vidhibiti hivyo kwa mkono kunachosha. Na huko chini ambapo tao linakutana na mkuku, watu wengi huishia kukunja ukingo tena, na tumerudi mwanzo wa uzi.

Njia nyingine ni kuacha ncha kwenye kompyuta, uchonge, kisha fundi aipunguze povu kwa msasa hadi apate sentimita yake. Babu yake Mjukuu bila shaka angeshika randa.

---

fundi_kibuye

Msasa wa mkono upande huu na upande huu haufanani. Umetumia kompyuta halafu unamalizia kwa jicho? Basi tungebaki na mbao.

---

baiti_moja

Lakini mzee, si mbao zote babu alipima kwa jicho?

---

fundi_kibuye

Babu yake alikuwa na jicho.

---

picha_na_sauti

Nimerudi kusoma, naona nilijibu swali lisilo langu. Lakini ngoja niulize: bikubiki yangu nayo si nasikia hutazama nukta 16 zilizozunguka? Ni kitu kimoja au ni majina tu?

---

mama_mistari

Ni ndugu. Gridi nne kwa nne, uzito wa u mara uzito wa v, jumla ya vitu 16. Tofauti ni kwamba kwenye kukuza picha kwa kawaida uso unalazimishwa kupita kwenye kila pikseli, kwa hiyo baadhi ya uzito ni hasi. Huo uzito hasi ndio unaokuletea mstari mweupe kando ya nywele. Kwenye Bézier hakuna uzito hasi, uso unapita kwenye zile pembe nne tu, nyingine 12 zinauvuta kwa mbali. Ndiyo maana mashua haizidi gridi yake hata siku moja.

---

mjukuu_wa_fundi

Taarifa. Nimemwonyesha mjomba yote mawili. Tumeamua jaribio la kwanza libaki na ncha, kwa kipande kidogo cha povu, ili nione mashine inavyokwenda. Nimehesabu kitovu cha kichwa cha kuchongea kwa kusogeza A milimita 6, yaani 0.06 ya desimita, kwa kila nomali ya puani:

```
v = 0     (24.027, 0.054, 8.000)
v = 0.5   (24.026, 0.038, 7.962)
v = 1     (24.027, 0.000, 7.946)
```

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini dada alisema wastani hauna kazi. Nukta ya povu ni moja, lakini kichwa kinaizunguka kama mtu anayezunguka nguzo ameishika kwa mkono mmoja. Kitovu kinachora tao kutoka ubavuni hadi chini, na povu linaguswa palepale. Ningeweka wastani, kichwa kingekuja hadi kituo kimoja kisha kikaruka kwenda mstari unaofuata, na katika kuruka kingelamba ubavu.

Ubavu wa kulia nimegeuza krosi kama alivyoambiwa Kibuyu. Nusu yangu nayo ilikuwa nyeusi.

Swali lililobaki: hapo kwenye tao mashine inatembea lakini u na nukta ya uso hazibadiliki. Jamaa mwenye mashine anasema kichwa kikikaa mahali pamoja muda mrefu kinachoma povu. Nipunguze idadi ya v puani, au nimwambie aongeze kasi pale?

---

fundi_kibuye

Povu la aina gani? Lile jeupe linalofungiwa friji mpya kwenye boksi linayeyuka, ukigusa tu limeingia ndani. La manjano la poliyurethini halina neno, linatoa vumbi tu.

---

mama_mistari

Mimi kwa v puani ningebakiza tano, tao la nyuzi 78 halihitaji 11. Kasi sijui, hiyo ni ya mwenye mashine.

---

mjukuu_wa_fundi

Ni la manjano. Tunachonga Jumamosi, nitaweka picha. Fundi, kama uko mjini pitia, uje na hiyo sentimita yako.

---

fundi_kibuye

Nitakuja na msasa.